Kulipa bili ya hospitali kwa awamu na kujua salio lako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa familia ambazo mgonjwa wao ameruhusiwa kutoka hospitali ya serikali Tanzania huku bili haijaisha, na wamekubaliana na hospitali kulipa kilichobaki kidogo kidogo. Shida huwa haianzi siku ya kusaini. Huanza mwezi wa tatu au wa nne, pale kaunta inaposoma salio moja na daftari la nyumbani linasoma jingine, na hakuna mwenye uhakika lipi ndilo.

Majibu mengi yanafuata mfano mmoja wa kutunga: kijana aliyevunjika paja kwenye ajali ya bodaboda, akalazwa, akafanyiwa upasuaji, na bili yake ikafika shilingi 1,860,000. Gharama za hospitali yako zitakuwa nyingine, lakini hesabu inakwenda vilevile.

Deni nianze kulihesabu kutoka wapi?

Anza na bili iliyofungwa siku mgonjwa aliporuhusiwa. Usianze na kiasi ulichoambiwa wodini, wala kile alichokisikia shemeji alipopita kaunta siku mbili kabla, kwa sababu bili ya aliyelazwa hupanda kila siku: kitanda, dawa, vipimo, kufunga kidonda. Inasimama pale tu anaporuhusiwa na uhasibu kuifunga. Omba nakala iliyochapishwa yenye mchanganuo, jina kamili la mgonjwa na namba yake ya faili.

Kwenye mfano wetu jumla ilikuwa 1,860,000. Familia ilikuwa imetoa kianzio cha 300,000 usiku wa kulazwa, na ofisi ya ustawi wa jamii ikapitisha msamaha wa 160,000. Ukiondoa hivyo viwili inabaki 1,400,000. Siku ya kutoka walilipa 400,000, wakabaki na 1,000,000, iliyogawanywa katika awamu tano za 200,000 kila mwisho wa mwezi.

Kabla ya kusaini, tafuta kianzio chako kwenye bili kwa macho yako. Ndicho kinachopotea mara nyingi kuliko kitu kingine chochote. Mgonjwa wa ajali huingia mapokezi ya dharura bila kitambulisho, anaandikishwa kwa jina moja tu au kwa jina lililokosewa, na pesa inalipwa kwenye faili hilo la kwanza. Kesho yake anafunguliwa faili jingine lenye jina sahihi, na bili inakusanyika huko. Pesa haijaibwa, iko kwenye faili ambalo hakuna anayelifungua tena. Kuunganisha mafaili hayo mawili siku ileile ni kazi ya dakika chache kwa mhasibu. Baada ya miezi minne ni kazi ya barua na kuzungushwa.

Makubaliano ya mdomo na afisa ustawi wa jamii yanatosha?

Hayatoshi. Afisa anaweza kuhamishwa, na mhasibu atakayekuwa kaunta Septemba si yule wa Aprili. Hati ya makubaliano inapaswa kuonyesha deni lililobaki kwa tarakimu na kwa maneno, kiasi cha kila awamu, tarehe ya kila awamu, jina na simu ya aliyekubali kulipa, mdhamini kama yupo, saini na mhuri. Zaidi ya hayo, hakikisha inataja namba ya faili na namba ya bili yenyewe. Hati inayosema tu kwamba fulani anadaiwa milioni moja haimsaidii mtu kutenganisha deni la upasuaji na gharama zitakazokuja baadaye kliniki.

Kama kuna riba au faini ya kuchelewa, iandikwe humo. Kama haimo, usikubali kuongezewa kwa maneno. Ondoka na nakala yako yenye mhuri, na ipige picha kabla hujatoka getini.

Msamaha na kulipa kwa awamu si kitu kimoja?

Ni vitu viwili. Msamaha unapunguza deni, awamu zinalitawanya tu. Familia isiyo na uwezo huomba msamaha kupitia ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, kwa kawaida ikiwa na barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji. Unaweza kusamehewa sehemu na kulipa iliyobaki kwa awamu, kama kwenye mfano wetu.

Cha kuangalia ni kwamba kusainiwa kwa msamaha kwenye karatasi ya ustawi hakumaanishi kwamba umeshaingizwa kwenye mfumo wa malipo. Karatasi inatembea kutoka ofisi moja kwenda nyingine, na safarini inaweza kulala. Mpaka uone bili mpya yenye salio lililopungua, usiandike msamaha huo kwenye daftari kama kitu kilichokamilika.

Nitatumia kontrol namba moja mpaka mwisho, au mpya kila awamu?

Inategemea hospitali ilivyofungua ankara, na ni swali la kumuuliza mhasibu siku ya kusaini. Malipo ya hospitali za serikali hupita kwenye mfumo wa malipo ya serikali, GePG, kwa namba ya malipo yenye tarakimu 12 inayoanza na 99. Hiyo ndiyo watu wanaiita kontrol namba. Unailipia benki, kwa wakala, au kwenye simu kupitia sehemu ya malipo ya serikali.

Anayetengeneza ankara huchagua namna itakavyolipwa. Kuna ankara inayotaka kiasi kilekile kilichoandikwa, na kuna inayopokea kidogo kidogo mpaka itimie. Deni la milioni moja likifunguliwa kwa namna ile ya kwanza, utajaribu kulipa 200,000 na simu itakataa. Watu wengi hapo hudhani mtandao uko chini, wanarudia mpaka usiku. Mtandao hauna tatizo, ankara ndiyo haikufunguliwa kwa ajili ya awamu.

Hospitali nyingine hukata namba mpya ya 200,000 kila mwezi. Binafsi naona hii inafuatilika vizuri zaidi, kwa kuwa kila awamu inakuwa na namba yake na stakabadhi yake, na huwezi kuzidisha wala kupunguza kwa bahati mbaya. Ubaya wake ni kwamba lazima uipate namba kabla ya tarehe, na anayekaa mbali atahitaji mtu wa kumfuatilia au mhasibu anayekubali kuituma kwa ujumbe.

Kwa namna zote mbili, kontrol namba ina tarehe ya mwisho wa matumizi, na imechapishwa kwenye ankara. Ikipita, malipo yanakataliwa na unaomba nyingine. Iandike tarehe hiyo pembeni ya namba. Namba mpya ikitolewa kwa deni lilelile, piga mstari juu ya ya zamani kwenye daftari, ili mtu asije akamtumia mdogo wake wa Mwanza namba iliyokufa.

Daftari liweje?

Daftari la shule linatosha, na faili la hesabu kwenye simu pia linafaa. Muhimu ni kila mstari uwe na kitu cha kuuthibitisha. Hivi ndivyo la familia ya mfano wetu lilivyosomeka mwanzoni mwa Julai:

| Tarehe | Maelezo | Aliyelipa | Kiasi | Stakabadhi | Salio |
|---|---|---|---|---|---|
| 28 Aprili | Bili baada ya kianzio na msamaha | | | ipo | 1,400,000 |
| 28 Aprili | Malipo ya kutoka | Baba | 400,000 | ipo | 1,000,000 |
| 30 Mei | Awamu ya 1 | Dada mkubwa | 200,000 | ipo | 800,000 |
| 30 Juni | Awamu ya 2, pungufu 50,000 | Mjomba | 150,000 | bado | 650,000 |

Mahali nilipoandika "ipo", wewe andika namba yenyewe ya stakabadhi. Ongeza na safu mbili, ya kontrol namba iliyotumika na ya namba ya muamala inayokuja kwenye ujumbe wa mtandao wa simu au benki. Namba hizo tatu hazifanyi kazi moja: kontrol namba inaonyesha ni deni gani limelipiwa, namba ya muamala inaonyesha pesa ilitoka kwako, na stakabadhi inaonyesha hospitali imeipokea. Ukienda kulalamika na moja tu, utarudishwa kutafuta nyingine.

Neno "bado" kwenye mstari wa mwisho lina kazi. Linakukumbusha kwamba lile salio la 650,000 ni lako tu kwanza, halijathibitishwa na upande wa pili.

Karatasi za mashine hufifia. Stakabadhi iliyokaa kwenye pochi au karibu na jiko itakuwa nyeupe baada ya miezi michache. Ipige picha siku ileile, na picha hiyo iwe kwenye simu mbili.

Simu imekata zaidi ya 200,000. Niandike kiasi gani?

Andika kile kilichofika hospitali, yaani 200,000. Makato ya mtandao au ya wakala ni gharama yako, hayapunguzi deni. Ukitaka kujua kulipa kwa awamu kumekugharimu kiasi gani kwa jumla, yaandike pembeni, lakini yasiingie kwenye safu ya salio. Baada ya awamu tano, elfu chache za kila mwezi zinatosha kuzaa ubishi wenu na kaunta, nanyi ndio mtakuwa mmekosea.

Ndugu wanachanga kwenye kundi la WhatsApp. Michango yao naiandikaje?

Iandike kwenye ukurasa mwingine kabisa. Hapa ndipo hesabu za familia huharibika, na huharibika pamoja na uhusiano. Mtu akiandika kwenye kundi kwamba atatoa 50,000, hiyo ni ahadi. Akiituma kwa mweka hazina wenu, ni pesa iliyo mkononi. Mweka hazina akiilipa kwa kontrol namba na stakabadhi ikatoka, hapo ndipo deni limepungua. Watu huona orodha ya majina na alama za vema kwenye kundi, wanajumlisha, wanasema tumebakiza laki mbili tu, kumbe hospitali haijapokea hata nusu.

Mjomba wa mfano wetu aliahidiwa michango ya 200,000 mwezi Juni. 50,000 ilikuwa ahadi ya binamu ambayo haikufika, akalipa 150,000. Alifanya sawa, na bora zaidi alisema wazi kwenye kundi: zimelipwa 150,000, awamu ya pili ina upungufu wa 50,000. Baada ya kila malipo, mweka hazina atume kundini picha ya stakabadhi na sentensi moja ya salio. Taarifa ndefu haihitajiki.

Wachangaji wa mbali wakitaka kulipa moja kwa moja ni sawa, mradi watumie kontrol namba mliyopewa na watume picha ya ujumbe wa malipo. Na mtu yeyote akiwaambia mtume pesa kwenye namba yake binafsi ili awalipie kaunta, hata kama amevaa koti jeupe, kataeni. Pesa ya hospitali ya serikali inalipwa kwa kontrol namba na inatolewa Stakabadhi ya Malipo ya Serikali. Pesa iliyopita mkononi mwa mtu haina alama kwenye faili la mgonjwa.

Kaunta inasema nadaiwa tofauti na daftari langu. Nifanyeje?

Usianze na ubishi, anza na kutoa. Chukua salio lao, toa lako, kisha itazame ile tofauti, maana mara nyingi yenyewe inakuambia pa kutafuta.

Familia yetu ilipouliza Julai iliambiwa inadaiwa 685,000. Daftari lilisema 650,000. Tofauti ni 35,000. Hakuna awamu ya 35,000, hakuna kianzio cha 35,000, na makato hayafiki hapo. Baba akaomba mchanganuo wa faili zima badala ya salio peke yake, na kwenye tarehe 12 Juni akakuta kliniki ya mifupa na eksirei, jumla 35,000. Siku hiyo kijana alikwenda na mama yake, na kwenye foleni wakaambiwa na mgonjwa mwenzao kwamba ukiwa na mkataba vyote vinaingia humo. Mkataba wao ulikuwa wa bili ya kulazwa tu. Kwa hiyo kaunta haikukosea, na daftari nalo halikukosea: deni la mkataba lilikuwa 650,000, na kulikuwa na ankara nyingine ya 35,000 iliyosimama peke yake. Walikatiwa kontrol namba yake, wakailipa, wakaifungulia ukurasa mwingine. Kama wangeilipa hiyo 35,000 kwa kontrol namba ya mkataba, mkataba ungeonekana umelipwa zaidi na ankara ya kliniki ingebaki wazi.

Tofauti nyingine zina sura zake. Ikiwa 300,000 kamili, kianzio hakikuunganishwa. Ikiwa 160,000, msamaha haukuingizwa kwenye mfumo. Ikilingana na awamu moja nzima, kuna malipo yaliyokwenda faili jingine au ambayo hayajasomwa. Ikiwa elfu chache tu, umehesabu makato kama malipo. Na ikigawanyika kwa 9 bila kubaki, tazama kama kuna aliyegeuza tarakimu: 650,000 ikiandikwa 560,000 inaleta tofauti ya 90,000. Hii ya mwisho ni dalili tu, si uthibitisho, kwani ankara halali ya 36,000 nayo inagawanyika kwa 9.

Mkishapatana, omba taarifa ya salio iliyochapishwa siku hiyo. Chora mstari kwenye daftari chini ya tarehe hiyo na uandike kwamba pande zote mbili zimekubali. Likitokea jambo baadaye, mtaanza kutafuta kutoka kwenye mstari huo, si kutoka Aprili.

Pesa imetoka kwenye simu lakini hospitali haioni. Nirudie kulipa?

Usirudie. Kwanza soma ujumbe wa muamala na ulinganishe kontrol namba iliyomo na ile ya ankara, tarakimu kwa tarakimu. Kama ni sahihi, mpe mhasibu kontrol namba, namba ya muamala, tarehe na kiasi, atafute kwenye mfumo. Wakati mwingine malipo yameshafika GePG ila mfumo wa hospitali haujayavuta, na hapo tatizo ni la watu wa mifumo, si lako. Ikiwa GePG nayo haina, rudi kwa mtandao wako wa simu au benki na namba ya muamala. Kama ulikosea namba na pesa ikaingia kwenye ankara ya mtu mwingine, wahi siku hiyohiyo, kwa sababu kuitoa kwenye ankara iliyokwisha kupokelewa kunahitaji maombi ya maandishi.

Kwenye programu za benki jina lililo kwenye ankara huonekana kabla ya kuthibitisha. Lisome. Ni nafasi ya mwisho ya kuliona kosa bure.

Mwezi huu sina 200,000.

Nenda kabla ya tarehe, lipa unachoweza, na umwombe afisa ustawi au mhasibu aandike kwenye mkataba upungufu utafidiwa lini. Ile 50,000 ya Juni inaweza kuongezwa kwenye Julai, ikawa 250,000, au kusukumwa mwisho ikawa awamu ya sita. Salio ni lilelile kwa njia zote mbili, ila tarehe ya kumaliza inabadilika, na mdhamini ana haki ya kujua kwa kuwa jina lake liko pale. Upungufu usioandikwa unasomeka kwenye faili kama awamu iliyorukwa.

Na hospitali binafsi au ya dini?

Huko kwa kawaida hakuna kontrol namba. Utalipa kwenye akaunti ya benki au lipa namba ya hospitali, na malipo hayatambuliki yenyewe ni ya nani. Andika jina la mgonjwa na namba ya faili kwenye maelezo ya muamala, kisha dai risiti ya EFD kwa kila awamu. Mengine yote ya daftari ni yaleyale.

Awamu ya mwisho nifanye nini cha ziada?

Siku chache kabla ya kulipa, omba salio lililochapishwa, ulipe kiasi hicho hasa. Usikisie, kwa maana kurudishiwa ziada serikalini ni mchakato mrefu kuliko thamani ya ziada yenyewe. Uliza pia kama kuna ankara nyingine iliyo wazi kwenye faili, hasa za kliniki na maabara.

Malipo yakisomeka, omba bili inayoonyesha salio sifuri na barua fupi yenye mhuri kwamba deni la mkataba huo, kwa namba yake, limekwisha. Kama mdhamini aliacha kitambulisho au hati yoyote, irudishwe hapohapo na asaini kuipokea. Barua hiyo ihifadhi pamoja na hati ya makubaliano na stakabadhi zote. Mgonjwa wa paja ana uwezekano wa kurudi kutolewa chuma, na siku atakapofungua faili, kaunta inaweza kusoma deni la zamani ambalo mtu hakulifunga.